Jarida la habari la kila asubuhi kwa barua pepe: chanzo kwanza, kisha muhtasari, kionjo mwisho

Msomaji wa jarida la asubuhi hapa Dar ana dakika tatu au nne za kusoma. Anafungua barua akiwa Kimara anasubiri basi la mwendokasi, au amebanwa ndani ya daladala ya Gongo la Mboto na bando lake linakaribia kwisha. Anachotaka ni habari tano zilizochaguliwa kwa akili, kila moja ikiwa na maelezo mafupi yanayotosha hata asipobonyeza kiungo chochote. Juu ya kila muhtasari kuna mstari mmoja wa kumwonjesha kilichomo, na mstari huo ndio unaoharibu majarida mengi. Mara nyingi huandikwa kwanza, na mtu ambaye hajaisoma habari hadi mwisho, kisha muhtasari unalazimishwa ufanane nao.

Mwongozo huu unaenda kwa mpangilio mwingine. Unasoma chanzo, unaandika muhtasari, ndipo unatafuta kionjo ndani ya muhtasari huohuo. Mada ya barua inakuja mwisho kabisa. Kionjo kikizaliwa hivyo, hakiwezi kuahidi kitu ambacho muhtasari hauna.

Jioni: orodha ndefu

Kazi ya asubuhi huanza jana yake. Kati ya saa 2 na saa 3 usiku fungua hati moja na uandike kila habari inayoweza kuingia, mstari mmoja kwa kila habari, pamoja na kiungo chake na jina la aliyeitoa kwanza. Kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha. Pitia Mwananchi, Nipashe, Habari Leo na The Citizen, halafu usiishie hapo. Nenda kwenye tovuti za taasisi zenyewe: Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), EWURA, LATRA, DAWASA, TANESCO, Benki Kuu (BoT), Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Habari nyingi zinazogusa maisha ya siku hiyo hutoka huko kama taarifa kwa umma, na magazeti huzifupisha kwa namna tofauti.

Baadhi ya hizo zina ratiba. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana kwa mafuta yanayopitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. NBS hutoa mfumuko wa bei kila mwezi. Weka tarehe hizo kwenye kalenda ya simu, ili siku ikifika usikimbizane na watu waliokwisha kuandika kabla yako.

Hapa kuna mtego mmoja. Utaona habari moja imeandikwa na vyombo vitano, ukadhani imethibitishwa mara tano. Soma aya za kwanza za yote matano. Kama maneno yanafanana na nukuu ni ileile, wote wamechukua taarifa moja ya ofisi moja ya mawasiliano. Hicho ni chanzo kimoja chenye nakala tano. Kwenye orodha yako kiandike hivyo, kwa sababu kesho muhtasari utapaswa kusema "wizara imesema" na siyo "imethibitishwa".

Alfajiri: kuchagua tano

Amka saa 10 na nusu, pitia kilichobadilika usiku, kisha kata orodha ibaki na habari tano. Mimi hujiuliza maswali mawili tu kwa kila habari. Je, inabadilisha jambo ambalo msomaji atafanya au ataamua wiki hii? Na je, nimesoma chanzo chake mwenyewe? Habari ikikosa jibu la ndiyo kwa swali la pili, haiingii, hata kama mji mzima unaizungumza. Ikikosa la kwanza lakini ni kubwa kiasi kwamba msomaji ataaibika asipoijua kazini, inaingia na muhtasari wa sentensi mbili.

Usijaze nafasi. Siku za Jumapili, au siku za sikukuu, zinaweza kuwa na habari tatu tu za kweli. Tuma tatu. Ukiongeza mbili dhaifu ili zifike tano, utalazimika kuzipaka rangi kwenye kionjo, na hapo ndipo uongo mdogo unapoingia.

Muhtasari: mfano wa riba ya Benki Kuu

Tuchukue siku halisi. Alhamisi, tarehe 3 Julai 2025, Kamati ya Sera ya Fedha ya BoT ilishusha Riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75. Riba hiyo ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili mwaka huohuo, ikakaa hapo zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushushwa tangu utaratibu huo uanze. Unaandaa jarida la Ijumaa tarehe 4, wakati nusu ya Barabara ya Kilwa inaelekea viwanja vya Sabasaba, na hii ndiyo habari yako ya kwanza.

Ukisoma tamko lenyewe badala ya vichwa vya habari, unagundua jambo ambalo litaamua kila neno baadaye. Riba hii haimhusu moja kwa moja mtu aliyekopa benki. Ni kiwango ambacho BoT hukitumia kuongoza riba za mikopo ya muda mfupi ambayo benki hukopeshana zenyewe kwa zenyewe, wakati moja ina upungufu wa fedha na nyingine ina ziada. Riba anayotozwa mteja wa kawaida, ambayo kwa wastani imekuwa ikizunguka asilimia 15, hupangwa na benki yake kwa kuangalia gharama zake, hatari ya mkopo na ushindani. Kushuka kwa riba ya BoT kunaweza kusukuma hizo nazo zishuke, lakini pole pole, na hakuna benki inayolazimika.

Piga hesabu kabla hujaandika. Tofauti ni robo ya asilimia. Mtu mwenye mkopo wa shilingi milioni 5, hata kama benki yake ingempa punguzo lote, robo ya asilimia ya milioni 5 ni shilingi 12,500 kwa mwaka. Kiasi hicho hakifiki shilingi 1,100 kwa mwezi. Hesabu ya namna hii si lazima iingie kwenye jarida, lakini ukishaiona huwezi tena kuandika kwamba wakopaji wamepata neema.

Sasa muhtasari. Lenga maneno hamsini hadi sitini. Sentensi ya kwanza inasema nani kafanya nini, lini, na takwimu ikiwa kamili, yaani ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi. Ya pili inaeleza jambo lenyewe ni nini kwa mtu asiyelijua. Ya tatu inamgusa msomaji. Ya mwisho inasema mpaka wa habari: kisichojulikana, au kisichobadilika. Huu hapa:

"Benki Kuu ya Tanzania (BoT) jana ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Hicho ni kiwango kinachoongoza mikopo ya muda mfupi baina ya benki zenyewe. Riba ya mteja wa kawaida, ambayo kwa wastani inazunguka asilimia 15, hupangwa na kila benki, na uamuzi huu hauilazimishi benki yoyote kuipunguza. Mwenye mkopo wa riba isiyobadilika ataendelea na marejesho yaleyale."

Chini yake weka kiungo cha tamko la BoT, na kama kuna gazeti lililowahoji mabenki kuhusu watakachofanya, weka kiungo chake pia na ulitaje jina. Kazi ni ya mwandishi aliyepiga simu. Usinakili aya yake na kubadilisha maneno mawili. Andika upya ukiwa umefunga ukurasa, kisha ufungue kulinganisha takwimu na majina tu. Ukishindwa kuandika bila kuangalia, hujaielewa habari bado.

Kionjo

Ukiwa na muhtasari mbele yako, andika vionjo vitatu au vinne kwa haraka, kisha uvipime kimoja kimoja. Kwa habari hii ya riba, cha kwanza kinachokuja kichwani ni hiki:

"Neema kwa wakopaji: riba yashuka"

Kila neno peke yake linaweza kutetewa, lakini yote pamoja yanamfanya mama mwenye mkopo wa duka Tandika aamini kwamba mwezi huu atalipa pungufu. Akifika kwenye muhtasari atakuta siyo. Kitupe.

"BoT imefanya uamuzi mkubwa kuhusu riba. Soma ujue unavyokuhusu"

Hiki hakisemi uongo, ila kinaficha kitu kimoja ambacho msomaji alihitaji, yaani riba imepanda au imeshuka. Kuficha habari yenyewe ili mtu abonyeze ni kumtoza ada kwa kitu ulichoahidi kumpa bure. Kinachoruhusiwa kubaki nje ya kionjo ni maelezo, kamwe si tukio lenyewe.

"BoT yashusha riba hadi 5.75%: kwa nini marejesho yako hayapungui mwezi huu"

Kinakaribia. Kina tukio, kina takwimu, na muhtasari unajibu swali lililoulizwa. Lakini wapo wateja wachache ambao mikataba yao ina riba inayopanda na kushuka, na kwao "hayapungui" linaweza kuwa kosa. Kionjo kimekuwa na uhakika kuliko muhtasari. Basi kinarekebishwa:

"BoT yashusha riba hadi 5.75%. Riba ya mkopo wako bado inaamuliwa na benki yako"

Hicho ndicho kinachokwenda. Anayekisoma bila kufungua chochote ameshapata habari sahihi, na anayetaka kujua sababu ana kitu cha kufuata.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote. Mtumie mtu ambaye hajasoma muhtasari kionjo peke yake, kwa ujumbe wa WhatsApp, umuulize: "Ukifungua hii unatarajia kukuta nini?" Linganisha jibu lake na muhtasari. Akijibu "benki zimepunguza riba za mikopo", kionjo kina kasoro hata kama wewe unaona kimenyooka. Mwenzangu mmoja huwatumia dada zake wawili, mmoja mhasibu na mwingine fundi cherehani, kwa sababu majibu yao yakitofautiana sana anajua mstari wake una maana mbili.

Jambo jingine ni wakati wa kitenzi. Magazeti yetu yana mazoea ya kuandika "Nauli kupanda" au "Bei ya mafuta kushuka", na kwa mtindo huo tukio lililokwisha kutokea, lililopangwa na lililopendekezwa tu na mtu mmoja kikaoni yote yanaonekana sawa. Kwenye kionjo usitumie mtindo huo. Andika "LATRA imepandisha nauli" kama imepandisha, "nauli itapanda kuanzia tarehe 1" kama tangazo limetoka na tarehe ipo, na "wamiliki wa daladala wanaomba nauli ipande" kama ni ombi. Herufi zinaongezeka kidogo, lakini abiria wa Mbagala hatoki nyumbani na chenji isiyo sahihi. Kwa habari za mahakamani uangalifu uwe mkubwa zaidi: mtu aliyekamatwa, aliyefikishwa mahakamani na aliyetiwa hatiani ni watu watatu tofauti, na kionjo kimoja cha uzembe kinaweza kumhukumu mtu kabla ya hakimu.

Maswali nayo yana sheria yake. "Je, nauli ya mwendokasi itapanda?" ni kionjo halali endapo muhtasari una jibu. Kama jibu ni "haijulikani", futa swali na useme kinachojulikana.

Habari zinazochacha haraka

Hali ya hewa, mgomo, foleni na umeme hubadilika kati ya saa unayoandika na saa msomaji anayosoma. Kimbunga Hidaya ni mfano mzuri. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kinakaribia pwani, TMA ilikuwa inatoa tahadhari mfululizo, na safari za boti kati ya Dar na Zanzibar zilisitishwa. Siku hiyohiyo kilitua kisiwani Mafia, kikaanza kupoteza nguvu. Jarida lililosema "Kimbunga kuipiga Dar leo" lingekuwa limekosea mahali na limekosea uhakika. Lililosema "Hidaya yakaribia pwani: TMA yataja mikoa ya kuchukua tahadhari" lingekuwa sahihi kwa saa ile, bila kumpotosha msomaji kuhusu mahali.

Kwa habari za aina hii, kionjo kitaje mahali na kimtaje aliyesema, na muhtasari uanze na saa ya taarifa: "Hadi saa 11 alfajiri, TMA ilikuwa inasema…" Andika saa kwa Kiswahili na uongeze wakati wa siku. "Saa 12" bila "asubuhi" au "jioni", au "12:00" iliyonakiliwa kutoka kwenye taarifa ya Kiingereza, imewafikisha watu kituoni kwa tofauti ya saa sita.

Mada ya barua

Kwenye simu nyingi, mada ya barua huonekana herufi thelathini hadi arobaini tu, halafu inakatwa. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo nafasi inaisha mapema. Weka tukio mbele. "BoT yashusha riba hadi 5.75%" ni herufi 28, inaingia yote. Usianze na jina la jarida wala tarehe. Jina tayari lipo kwenye sehemu ya mtumaji, na tarehe simu inaionyesha yenyewe.

Mada ikikatwa, soma kilichobaki. Mstari kama "Serikali yafuta ada ya leseni kwa wavuvi wa Mafia pekee" ukikatwa baada ya neno "leseni" unakuwa habari nyingine kabisa. Anza na kinachoweka mpaka: "Wavuvi wa Mafia wafutiwa ada ya leseni".

Pembeni au chini ya mada kuna mstari mdogo wa rangi ya kijivu. Usipouandika, Gmail huchukua maneno ya kwanza ya barua yako, ambayo mara nyingi ni "Fungua barua hii kwenye kivinjari". Mifumo mingi ya kutuma majarida ina kisanduku chake. Weka hapo kionjo cha habari ya pili na ya tatu, kwa maneno yaleyale yaliyo ndani.

Kutuma

Tuma saa 12 na robo asubuhi, kabla watu wengi hawajapanda magari. Kwenye mipangilio ya mfumo chagua `Africa/Dar_es_Salaam`. Ukiacha `UTC`, barua uliyoipangia 06:15 itafika saa 3 na robo, watu wakiwa mezani kazini.

Iwe nyepesi. Gmail hukata barua inayozidi takriban kilobaiti 102 na kuficha sehemu ya mwisho, ambako ndiko kulikokaa kiungo cha kujiondoa. Asiyekiona atabonyeza kitufe cha barua taka, na hilo linakuumiza zaidi kuliko kujiondoa kwake. Jarida la maneno matupu lenye habari tano halifiki huko. Msimbo ulionakiliwa kutoka kwenye Word ndio unaolifikisha.

Tuma kutoka kwenye anwani ya tovuti yako, siyo `@gmail.com`. Mfumo unaotumia utakupa rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, za kuweka kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti yako. Ya DMARC, inayomweleza mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitika, utaiweka mwenyewe, na ya kuanzia ni fupi, hapa `mfano.co.tz` ikiwa badala ya jina lako:

```
_dmarc.mfano.co.tz  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz"
```

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na rekodi hizi na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na Gmail inataka malalamiko ya barua taka yabaki chini ya asilimia 0.3. Hata ukiwa na wasomaji mia tatu, ziweke tangu mwanzo.

Orodha ya wasomaji ni taarifa binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiingize anwani ulizookota kwenye kadi za semina au kundi la WhatsApp. Aliyejiandikisha mwenyewe ndiye wa kutumiwa. Na kama jarida lako ni chombo cha habari mtandaoni, uliza TCRA kuhusu leseni kabla ya kuanza.

Kujua kama vionjo vyako ni vya kweli

Idadi ya waliofungua barua haitoshi. Tangu mwaka 2021 programu ya Barua ya simu za iPhone inaweza kupakua picha za barua yenyewe, ikaonekana imefunguliwa na mtu ambaye hata hajaiona. Angalia mibofyo kwa kila habari, waliojiondoa siku hiyo, na majibu.

Dalili ya kionjo kilichodanganya ina sura yake. Habari moja inapata mibofyo mingi kuliko kawaida, waliojiondoa wanaongezeka siku hiyohiyo, na majibu yanakuja yakiuliza kitu ambacho kionjo kiliahidi: "Mbona sijaona hiyo bei mpya?" Kwa upande mwingine, habari yenye mibofyo michache si lazima iwe imeshindwa. Kama muhtasari ulimtosha msomaji, hakuwa na sababu ya kutumia bando lake. Ndiyo maana ninapenda kuweka mwishoni mwa jarida ombi moja: "Jibu barua hii ukiona mstari wowote haukuendana na habari yake." Wanaojibu ni wachache, na karibu kila mara wanakuwa na hoja.

Kosa likitokea, sahihisho linakaa juu kabisa ya jarida linalofuata, kabla ya habari ya kwanza, na linataja kilichosemwa na kilicho sahihi: "Jana tuliandika kwamba nauli mpya inaanza leo. Inaanza tarehe 1 mwezi ujao." Kama kosa linaweza kumpotezea mtu pesa au kumkosesha safari siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Tuma barua fupi ndani ya saa moja, mada ianze na neno "Sahihisho", na ndani yake usiweke habari nyingine yoyote.